Kuseti simu ikuitie watu ukirudi nyumbani usiku: hatua kwa hatua kwa wadada wa Mbeya (Android)

Nauza simu na vifaa vyake Kabwe, na karibu kila wiki anakuja mdada jioni jioni ananiambia dada naomba uniwekee ile apu ya usalama, mi nafunga saluni saa 2 usiku na njia ya kwetu ina giza. Namwekea, anashukuru, anaondoka. Akirudi mwezi unaofuata kununua protekta namuuliza vipi ulishaijaribu, hajaijaribu. Meseji inaenda kwa nani? Kwa mchumba wake yuko Dar. Sasa wewe umekwama njia ya Itezi saa 3 na nusu, mwenzio yuko Dar kalala, ikimfikia hiyo meseji atafanya nini?

Maswali ni yaleyale kila siku kwa hiyo nimeamua niandike yote sehemu moja. Naongelea simu za Android maana ndizo wengi wetu tunazo, Tecno, Infinix, itel, Samsung, na sitakupakulia apu mpya hata moja. Simu nyingi zina hii kitu ndani tayari, na ile sehemu nyingine tutatumia WhatsApp ambayo unayo. Apu za kupakua nyingi zinaomba ulipie, au zimejaa matangazo, au zinasoma majina yako yote ya kwenye simu, na bado mwisho wa siku zinafanya kilekile: zinatuma lokesheni yako kwa mtu. Kwa hiyo mtu ndiyo kazi kubwa, apu ni tarishi tu.

Kabla hujaanza hakikisha una hivi

Simu ya Android 12 kuendelea kama inawezekana. Angalia `Settings` > `About phone` > `Android version`. Ikiwa ya zamani zaidi hatua ya 3 inaweza isiwepo, zile nyingine utazifanya kama kawaida.

Bando la meseji za kawaida, sio la intaneti peke yake. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ile meseji ya dharura inatoka kama meseji ya kawaida inayokatwa salio, na siku hizi watu wananunua bando la intaneti tu kwa sababu wanachati WhatsApp. Bila salio wala bando la meseji, simu itahesabu, itatetemeka, itakuonyesha kila kitu, na meseji haitatoka.

Intaneti kidogo, haihitaji nyingi. Chaji asilimia 30 hivi wakati unafunga kazi. Na watu wawili au watatu ambao umeshaongea nao kabla, hao tunaanza nao sasa hivi.

Hatua ya 1. Chagua watu kwa umbali, sio kwa mapenzi

Kaa chini ujiulize: nikipata shida saa 3 usiku, nani anaweza kutoka nje akafika nilipo ndani ya dakika 15? Huyo ndiye namba moja. Anaweza kuwa kaka yako mnayekaa naye, jirani, mama mwenye nyumba, au yule bodaboda wa mtaani kwenu ambaye mnaaminiana na mnajuana nyumba kwa nyumba. Hata kama humpendi sana. Namba mbili awe mtu mwenye simu janja na kawaida ya kuchelewa kulala, kazi yake ni kuangalia ramani na kupiga simu huku na kule, huyu hata akiwa mbali kidogo sio mbaya. Namba tatu mzazi au mchumba ukitaka, ila mwambie kabisa kwamba kazi yake ni kujua, sio kuratibu, maana watu watatu wakianza kukupigia kwa pamoja hakuna atakayekupata, kila mmoja anamkuta mwenzie yuko kwenye laini.

Namba moja akiwa na kitochi sio tatizo, meseji itamfikia. Ataiona imeandikwa kawaida na linki ambayo hawezi kuifungua, kwa hiyo ndiyo maana unahitaji namba mbili wa kumsomea ramani. Usiweke wote wawili wenye vitochi.

Kosa jingine: kumuweka mtu bila kumwambia. Anapokea meseji ya ajabu saa 3 usiku yenye linki, anadhani ni matapeli wa ile pesa tuma kwenye namba hii, anaifuta. Sio utani, imetokea kwangu mwenyewe, shangazi yangu aliifuta meseji yangu ya majaribio na akanipigia kesho yake kunionya kwamba simu yangu imeibiwa na matapeli.

Hatua ya 2. Waingize kwenye simu

Nenda `Settings` > `Safety & emergency` (Samsung imeandikwa `Safety and emergency`) > `Emergency contacts`. Waongeze hapo. Ukikosa njia, juu ya setingi kuna sehemu ya kutafuta, andika `emergency` itakuletea.

Namba zihifadhi zikianza na +255, nyingine zinakuja kusumbua. Hapohapo kuna `Medical info`, jaza kundi la damu na mzio kama unao, lakini jua kwamba hizi taarifa mtu yeyote akiokota simu yako anaweza kuziona bila kuifungua, akibonyeza tu neno la dharura kwenye skrini iliyojifunga. Ndivyo ilivyokusudiwa, msamaria akikukuta barabarani ampate ndugu yako. Kwa hiyo usiandike humo namna ya kufika kwako wala jina la mtaa.

Hatua ya 3. Washa ile ya kubonyeza mara tano

Palepale kwenye `Safety & emergency` ingia `Emergency SOS`, washa. Kuanzia hapo ukibonyeza batani ya pawa mara tano haraka haraka, simu inaanza kuhesabu kurudi nyuma, ikimaliza inapiga namba ya dharura na kuwapelekea wale watu wako taarifa. Ndani yake kuna vitu vinne vya kuangalia.

Cha kwanza ni sauti ya alamu. Simu nyingi wakati zinahesabu zinapiga king'ora kikubwa. Amua mapema. Kama njia yako ni ya uchochoroni ambako kelele inaweza kuita watu, iache. Kama hofu yako ni kuwa ndani ya bajaji na mtu usiyemuelewa, izime, hutaki ajue unachofanya.

Cha pili ni namna ya kuanza. Simu nyingine zinakupa uchague, ianze yenyewe ukibonyeza mara tano, au ukishabonyeza ushikilie kidole kwenye skrini kidogo ndiyo ianze. Ya kushikilia inazuia simu kujipiga yenyewe mkobani ila inakutaka uione skrini. Mi natumia inayoanza yenyewe, kwa sababu siku ya shida mkono uko mfukoni.

Cha tatu ni namba ya kupigiwa. Kwa Tanzania polisi ni 112, iache hiyohiyo. Kuna watu wanaibadilisha wanaweka namba ya kaka, wakidhani ndiyo ujanja. Ukiweka namba isiyo ya dharura rasmi, simu itataka kwanza iwe imefunguliwa ndipo SOS ifanye kazi, yani uweke patani au alama ya kidole wakati umekimbizwa. 112 inapigwa hata simu ikiwa imejifunga.

Cha nne, hakikisha sehemu ya kuwatumia watu wako taarifa, `Share info with emergency contacts`, nayo imewashwa. Unaweza kukuta ya kupiga simu imewashwa na hii imezimwa, na mtu anaondoka anaamini kila kitu kiko sawa.

Alafu jizoeze kwa kidole bila kuangalia. Mwezi wa 6 na wa 7 huku kwetu unatoka na jaketi na glavu, batani ya pawa inajificha kwenye kava nene. Ukibonyeza polepole simu nyingi zitaishia kufungua kamera tu, maana kubonyeza mara mbili ndiyo kazi yake hiyo. Haraka, tano mfululizo, kama unamgongea mlango mtu aliyelala.

Hatua ya 4. Ruhusa, laini na betri

Hapa pafupi ila ukipakosea vyote vya juu ni bure.

Lokesheni iwe imewashwa kabla hujatoka kazini, sio uiwashe ukiwa kwenye shida. Simu iliyozimwa lokesheni siku nzima inahitaji muda kutafuta ilipo, na wakati huo inaweza kutuma sehemu ya zamani.

Simu ya laini mbili: nenda sehemu ya laini uchague moja ya kutumia kwa meseji, ile yenye bando. Wengi wameacha kwenye `Ask every time`, yani simu iulize kila mara. Mi jaribio langu la kwanza kabisa lilifia hapo, simu ilikuwa inanisubiri nichague laini, na ipo mfukoni.

Kwenye betri, Tecno na Infinix zina tabia ya kuua apu zinazofanya kazi chini chini ili kutunza chaji. Shikilia alama ya WhatsApp, ingia `App info` > `Battery` (au `App battery usage`), chagua `Unrestricted`. Na ile hali ya kubana chaji, `Battery Saver`, usiiwashe njiani, inaweza kusimamisha lokesheni skrini ikizima. Bora uzime intaneti mchana ubakize chaji ya usiku.

Hatua ya 5. Lokesheni hai ya WhatsApp kila unapotoka

SOS ni ya siku mbaya. Hii ni ya kila siku. Fungua chati ya namba mbili wako, bonyeza alama ya kuambatanisha > `Location` > `Share live location`. Inakupa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 1 kama safari yako haizidi hapo. Itaomba ruhusa ya lokesheni, ipe `Allow all the time`, ukiipa ya wakati unatumia apu tu itakatika ukizima skrini.

Kosa ambalo naliona kuliko yote: watu wanabonyeza `Send your current location`. Hiyo ni picha ya sehemu moja, haitembei. Mtu anakaa nyumbani anaangalia anaona upo Kabwe, upo Kabwe, saa zima upo Kabwe, anajua daladala hazijajaa, kumbe ulishafika Nane Nane zamani.

Tuma kwa mtu mmoja au wawili. Usitume kwenye grupu la familia lenye watu 60 ambao hujui nani kakaa na nani, na nani kamwonyesha nani simu. Na wewe unayetumia ramani za Google kushea lokesheni, ile ya mpaka uzime mwenyewe, ingia leo uangalie orodha ya unaoshea nao. Nimeshakuta dada mmoja dukani bado anashea na mwanaume waliyeachana mwaka mzima nyuma. Alikuwa anashangaa jamaa anajuaje kila anapoenda.

Hatua ya 6. Saa ya kufika

Hatua hii haina hata apu na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Kubonyeza mara tano kunataka uwe na simu, uwe na mkono, uwe na sekunde. Ukinyang'anywa simu umebaki na nini? Kwa hiyo tunageuza: badala ya wewe kuita ukipata shida, mwenzio anaamka usipofika.

Fanya hesabu ya safari yako kwa siku nne tano. Andika umetoka kazini saa ngapi na umefunga mlango wa nyumbani saa ngapi. Chukua ile iliyochelewa kuliko zote uongeze dakika 10. Hiyo ndiyo saa yako. Unamwambia namba mbili: nikiwa sijakuandikia nimefika mpaka saa fulani, anza. Naye anaweka alamu kwenye simu yake, kama anavyoweka ya kuamka asubuhi. Ukifika unaandika, anaizima. Basi.

Simu nyingine zina apu ya Google ya `Personal Safety`, humo kuna `Safety check` inayofanya hivi yenyewe: unaweka muda, muda ukiisha inakuuliza uko salama, usipojibu ndani ya sekunde 60 inaanza kuwapelekea watu wako lokesheni. Kama yako inayo itumie, ila alamu ya mwenzio iendelee kuwepo.

Ukichelewa, ongeza muda kabla haujaisha. Meseji ya maneno mawili, "ongeza 20", inatosha. Usipofanya hivyo mara tatu nne, mwenzio ataanza kuizima alamu bila kuangalia, na hapo mfumo mzima umekufa.

Hatua ya 7. Mwenzio anafanya nini alamu ikilia

Mkae muongee ana kwa ana, dakika 10 zinatosha, alafu aandike kwenye karatasi abandike sehemu. Mimi na kaka yangu tumepanga hivi, na nyie mtabadilisha kulingana na kwenu:

1. Anapiga simu mara mbili. Nikipokea ananiuliza kitu cha kawaida tulichokubaliana, kwetu ni "umepitia dawa ya mama?" Nikijibu nimepitia, niko sawa. Nikijibu duka limefungwa, kuna mtu yuko karibu yangu na siwezi kuongea. Chagueni swali ambalo mtu wa pembeni hawezi kulishtukia.
2. Sijapokea: anafungua lokesheni hai, anaangalia nilipo na imesasishwa dakika ngapi zilizopita. Kama ni dakika 2 yani simu bado inaongea. Kama ni dakika 25 yani hapo ndipo ilipozimika au mtandao ulipokata.
3. Anampigia namba moja, yule wa karibu, anamwambia sehemu kwa jina la watu wa huku, sio kwa ramani: "karibu na kile kisima, juu ya kanisa". Anatoka na mwenzie, sio peke yake.
4. Anapiga 112. Hapo anataja jina langu, nilivyovaa, nilikotoka na nilikokuwa naenda, sehemu ya mwisho na saa yake, na namba ya chombo kama niliituma.

Kuhusu namba ya chombo: ukipanda bajaji au boda usiku, piga picha ya kibati cha nyuma kabla ya kupanda, au andika tu ile MC yake, mtumie mwenzio. Dereva mzuri hatakasirika. Anayekasirika, shuka.

Na simu ya mwenzio isiwe kimya. Mwambie akupe mlio wako peke yako, akisikia ajue ni wewe. Kuna watu wanafanya kila kitu sawa alafu mpokeaji anawasha ile hali ya kutosumbuliwa kuanzia saa 3 usiku.

Hatua ya 8. Jaribu mchana

Waambie watu wako kwanza. Kisha kwenye `Emergency SOS` zima kwa muda sehemu ya kupiga simu kama simu yako inaruhusu, ili usiwasumbue polisi, halafu bonyeza mara tano. Kama hairuhusu, bonyeza uone inahesabu, alafu sitisha kabla haijamaliza, na meseji utaijaribu siku utakayoweza. Namba moja na namba mbili wakuambie: imefika? Linki imefunguka? Inaonyesha nilipo? Ukimaliza WASHA TENA ile ya kupiga simu. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu mi mwenyewe nilikaa wiki mbili imezimwa.

Ikitokea 112 wamepokea kwa bahati mbaya usikate. Sema samahani ni makosa, niko salama, ndiyo ukate.

Siku ilipolia kweli

Mdogo wangu anafanya kazi duka la vitambaa Mwanjelwa, anakaa upande wa Itezi. Anafunga saa 2:40, anapanda daladala za Uyole Kabwe, akishuka anatembea dakika 12 hivi. Tulipima siku tano, aliyochelewa zaidi alifika saa 3:38, tukaweka saa 3:50.

Mwezi wa 6 mwaka jana, ukungu hadi huoni nguzo ya pili, alamu ya kaka ikalia saa 3:50. Kapiga, haipatikani. Kapiga tena, haipatikani. Lokesheni hai ilikuwa imekwama kabla ya Nane Nane, imesasishwa dakika 18 zilizopita. Kaka ananiambia aliangalia ile duara ya bluu akahisi tumbo limekuwa barafu. Akampigia jirani yetu, mzee mmoja ana pikipiki, akatoka na kijana wake kuelekea barabara kuu.

Walimkuta Uyole stendi anashuka kwenye daladala nyingine. Ile ya kwanza iliharibika njiani, wakasimama kwenye baridi, simu yenye betri ya zamani ilikuwa na asilimia 14 ikazima ghafla. Hakukuwa na mtu mbaya yeyote. Alikasirika kidogo kwamba mzee wa watu katolewa kitandani, mzee mwenyewe akasema hata ingekuwa ya uongo mara kumi atatoka, mradi mara ya kumi na moja asikute kachelewa.

Tulibadilisha vitu viwili. Simu sasa inakaa mfuko wa ndani wa jaketi, karibu na mwili, kwa sababu betri iliyochoka ikipigwa na baridi inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha chaji. Na kwenye kipochi ana karatasi yenye namba za simu za watu wawili, akiishiwa chaji anamuomba konda simu anaandika "ongeza 20". Namba za watu wako unazijua kwa kichwa? Jaribu sasa hivi.

Ikigoma

*Meseji haijatoka.* Anza na bando la meseji, kisha laini iliyochaguliwa, kisha mtandao. Tuma meseji ya kawaida kwa mkono kwa mtu huyohuyo, ikigoma na hiyo tatizo ni salio au laini, sio SOS.

*Imefika ila inaonyesha sehemu nyingine.* Angalia ile duara iliyofifia kuzunguka alama. Duara kubwa maana yake simu inakisia, unaweza kuwa popote ndani yake. Ndani ya daladala iliyojaa au chini ya mabati hilo ni la kawaida. Washa `Location Accuracy` kwenye setingi za lokesheni, na mwenzio asiende kwenye ile nukta tu, aangalie njia uliyokuwa unakuja nayo.

*Lokesheni hai inakatika kila ukizima skrini.* Rudi hatua ya 4 na ya 5, ni ruhusa au betri, mara chache sana ni kitu kingine.

*SOS inajianzisha mkobani.* Kava lina batani ngumu inayojibonyeza, au mkoba umebana. Badilisha kava kwanza. Ikiendelea weka ile ya kushikilia kidole kwenye skrini.

*Kwenye setingi hamna `Emergency SOS`.* Simu ya zamani au toleo jepesi. Tumia hatua ya 1, 5, 6 na 7. Mwenye kitochi atumie ya 1, 6 na 7, na mdogo wangu alifuatwa usiku ule kwa hizohizo, simu yake ilikuwa imeshazima.

*Anayekutisha anakaa nyumbani kwako, au ndiye anayekufuata njiani unamjua.* Usimuweke kwenye orodha hata akilazimisha, na usiseti hizi mbele yake. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda mchana na mtu unayemuamini. Ukihofia anaingia kwenye simu yako ilete, au peleka kwa fundi unayemuamini, tuangalie ni akaunti gani imeingia humo na lokesheni inaenda kwa nani.